Katoni 320 za Wiki ya Tano: Tuzalishe Kiasi Gani kwa Mkupuo Mmoja?

Haya ndiyo niliyozungumza na wasindikaji wadogo tuliokutana hapa Iringa mjini. Wenzetu waliokwama njiani na waliobaki viwandani wameniomba niyaweke yote kama yalivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Hesabu za ubaoni nimezileta kwa maneno.

Kamwene! Kamwene tena, na ninyi mliokaa kule nyuma!

Akina mama, akina baba, vijana wenzangu wa jikoni na wa mtambo, shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mpango wa uzalishaji. Ni jambo pana, na tukilichukua lote tutatoka hapa usiku. Kwa hiyo nimechukua swali moja tu: ukishajua wiki hii unahitaji katoni 80 na wiki ijayo 50, unapowasha moto uzalishe ngapi? Hizo 80 tu? Au 130 kabisa? Au ujaze ghala mpaka mlangoni?

Wengi wetu hapa tunajibu swali hilo kwa mazoea. Kuna anayezalisha kila oda inapoingia, kuna aliyejiwekea siku yake ya kuwasha mtambo, na siku hizi kuna wanaopiga hesabu ya gharama kwa kila katoni kwenye simu. Hizo ni njia tatu, na zote tatu ni kanuni halali zinazofundishwa. Nataka tuziweke mezani pamoja, juu ya kiwanda kimoja, kwa wiki zilezile nane, tuone kila moja inatoa shilingi ngapi mfukoni.

Kiwanda chenyewe ni cha mama mmoja wa upande wa Ilula. Jina lake silitaji, ila ameniruhusu nitumie daftari lake. Anatengeneza sosi ya nyanya na sosi ya pilipili, kwa sufuria lilelile moja kubwa na mashine ileile moja ya kujazia chupa. Chupa 12 kwa katoni. Nyanya hamkosi, mnaijua Ilula. Shida yake ilikuwa sufuria.

Niliwahi kukaa naye asubuhi moja akibadilisha kutoka pilipili kwenda nyanya. Mnajua pilipili inavyong'ang'ania? Sufuria linasuguliwa, linasuuzwa, kisha maji yanachemshwa ndani yake na kupitishwa kwenye bomba mpaka kwenye midomo ya mashine. Kijana anainama, ananusa mdomo wa bomba. Bado. Yanachemshwa mengine. Ndipo sosi ya nyanya inaanza kupita, na ndoo ya kwanza, iliyochanganyika na harufu ya pilipili, inawekwa kando kwa sababu haiuziki. Tulipiga hesabu pamoja: gesi ya kuchemshia maji shilingi 15,000, vibarua wawili wa kusugua shilingi 20,000, sosi inayopotea shilingi 25,000. Jumla shilingi 60,000. Hiyo ndiyo gharama ya maandalizi. Inalipwa mara moja kila unapoanza mkupuo wa nyanya, uzalishe katoni 10 au 400.

Angalieni kilichoingia humo na ambacho hakikuingia. Mshahara wa mwezi wa mpishi wake haumo, kwa sababu unalipwa apike asipike. Vibarua wamo, kwa sababu wanaitwa kwa ajili ya kazi ile tu. Ukijaza kwenye maandalizi gharama ambazo ungezilipa hata hivyo, kila kanuni nitakayosema itakushauri uzalishe kupita kiasi.

Upande wa pili kuna gharama ya kulaza mzigo. Katoni moja inamgharimu shilingi 28,000 mpaka inafungwa. Fedha hiyo ni ya mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, yaani shilingi 560, sawa na 140 kwa wiki. Ghala ni la jirani, anayetoza shilingi 60 kwa katoni kwa wiki. Jumla shilingi 200. Kila katoni inayolala kutoka wiki moja kuingia nyingine inakula shilingi 200. Mia mbili inaonekana ndogo, sivyo? Subirini.

Sasa mahitaji yake. Haya ni mahitaji halisi ya kuzalishwa, baada ya kutoa kilichokuwa ghalani. Andikeni tafadhali: wiki ya kwanza katoni 80, ya pili 50, ya tatu 100, ya nne 30, ya tano 320, ya sita 60, ya saba 90, ya nane 70. Jumla ni 800, wastani 100 kwa wiki. Kwa nini wiki ya tano imepanda hivyo? Shule. Shule za bweni zinafunguliwa, na wanunuzi wa shule wanachukua kwa pamoja. Sufuria lake linatoa katoni 80 kwa siku, kwa hiyo hata 320 anaziweza ndani ya wiki. Hilo ni la kuangalia kwanza, kwa sababu kanuni zote tatu hazijui sufuria lako lina ukubwa gani. Zinadhani unaweza lolote.

Tuanze na kanuni ya kwanza, ambayo mimi naiita hitaji kwa hitaji. Kila wiki unazalisha kiasi kinachohitajika wiki hiyo, basi. Hakuna kinacholala. Ndivyo mama huyu alivyokuwa akifanya kwa miaka, na alikuwa anaona fahari kwamba ghala lake ni tupu kila Jumamosi. Hesabu yake ni fupi: maandalizi mara nane, kila mara 60,000. Shilingi 480,000 kwa wiki nane. Kulaza mzigo, sifuri.

Ghala tupu linampendeza mwenye mali, kwa sababu mzigo uliolala unauona kwa macho. Lakini maji yaliyochemshwa yamekwenda mferejini, nani anayaona? Sosi iliyomwagwa, nani anaihesabu? Wiki ya nne alisugua sufuria, akapoteza ndoo ya sosi, akaita vibarua, kwa ajili ya katoni 30. Shilingi 60,000 kwa katoni 30 ni shilingi 2,000 kila moja kabla hata hajanunua nyanya.

Je, hitaji kwa hitaji ni kanuni mbaya? Hapana. Nendeni kwa fundi wa milango pale Mafinga. Mteja anakuja na kipimo cha nyumba yake, mbao ziko nje zimepangwa, fundi anapima na kukata. Kuandaa msumeno ni dakika chache, na mlango wa kipimo cha mtu mmoja hauwezi kumfaa mwingine. Yeye atengeneze milango ya wiki tatu mbele kwa ajili ya nani? Pale ambapo maandalizi ni ya bei ndogo, au bidhaa inaharibika haraka kama mtindi, au kila mteja ana kipimo chake, hitaji kwa hitaji ndiyo njia.

Na ina sehemu nyingine ya kuitumia, ambayo wengi hatuiangalii: vile vitu vinavyoingia ndani ya bidhaa. Chupa za mama huyu zinapanda Kitonga kutoka Dar es Salaam. Akizalisha sosi katoni 130, anahitaji chupa 1,560 kwa wakati mmoja, kisha wiki inayofuata hahitaji hata moja. Kwa hiyo mahitaji ya chupa tayari yamekusanywa na mkupuo wa sosi. Ukichukua mafungu hayo na kuyakusanya tena kwa kanuni nyingine juu yake, chupa zinakuja rundo juu ya rundo, na fedha yako inalala kwenye plastiki tupu. Mkupuo ukishapangwa kwa sosi, mara nyingi chupa na lebo zifuatane nao moja kwa moja, isipokuwa kama nauli ya lori inakulazimisha vingine.

Tuje kanuni ya pili: kipindi maalumu. Hapa unasema, mimi nawasha sufuria la nyanya kila baada ya wiki mbili, na kila ninapowasha nazalisha ya wiki mbili hizo. Kinachobaki vilevile ni urefu wa kipindi. Idadi ya katoni inabadilika kufuata mahitaji. Msichanganye na yule anayezalisha katoni 200 kila mara iwe inahitajika isihitajike. Huyo ana kanuni nyingine.

Kipindi kinapatikanaje? Kuna fomula aliyoiandika Mmarekani Ford Harris mwaka 1913, na mpaka leo viwanda vinaitumia. Chukua 2, zidisha kwa mahitaji ya wastani ya wiki, zidisha kwa gharama ya maandalizi, gawanya kwa gharama ya kulaza katoni kwa wiki, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa mama wa Ilula: 2 mara 100 mara 60,000, gawanya kwa 200, inakuja 60,000. Kipeuo chake ni kama 245. Hicho ni kiasi kinachofaa kwa mkupuo kama mahitaji yangekuwa sawa kila wiki. Katoni 245 kwa mahitaji ya 100 ni wiki mbili na nusu hivi. Kwa hiyo aidha mbili, aidha tatu.

Mbili au tatu? Kama kila wiki ingekuwa katoni 100, jibu lingekuwa yoyote ile. Wiki mbili: maandalizi 60,000, katoni 100 zinalala wiki moja kwa 20,000, jumla 80,000, ambayo ni 40,000 kwa wiki. Wiki tatu: 60,000, ongeza 20,000 za wiki ya pili, ongeza 40,000 za wiki ya tatu, jumla 120,000. Ni 40,000 kwa wiki vilevile. Fomula haioni tofauti.

Lakini wiki za mama huyu hazilingani. Tujaribu kwa namba zake. Akienda wiki mbili mbili, anazalisha 130, kisha 130, kisha 380, kisha 160. Maandalizi mara nne ni 240,000. Zinazolala ni 50, 30, 60 na 70, jumla 210, mara 200 ni 42,000. Jumla kuu shilingi 282,000. Kutoka 480,000! Karibu shilingi 200,000 zimebaki nyumbani kwa kubadilisha siku za kuwasha moto tu.

Akienda wiki tatu tatu? Maandalizi mara tatu, 180,000. Lakini mkupuo wa pili unaanza wiki ya nne na unabeba wiki ya nne, ya tano na ya sita. Zile 320 za shule zinapikwa wiki nzima kabla. Kulaza mzigo kunapanda mpaka 152,000, na jumla inakuwa 332,000. Fomula iliyosema mbili na tatu ni sawa imekosea kwa shilingi 50,000.

Kwa nini wiki mbili zimeshinda? Nataka tuwe wakweli hapa. Zimeshinda kwa bahati. Wiki ya tano imeangukia mwanzo wa jozi. Shule zikichelewa kufunguliwa kwa wiki moja tu, zile 320 zihamie wiki ya sita na zile 60 zirudi ya tano, basi 320 zitapikwa wiki moja kabla na jumla itapanda kutoka 282,000 hadi 334,000. Kipindi maalumu hakisomi kalenda. Kinapiga ngoma yake ileile, mchezaji awepo asiwepo.

Pamoja na hilo, naipenda kanuni hii, na sababu yangu haimo kwenye daftari. Wakulima wa nyanya wanajua ni Jumatatu ipi walete. Vibarua wanajua siku yao. Dereva wa chupa anajua. Namba zikibadilika kidogo, siku hazibadiliki. Mliowahi kumwambia mkulima akate nyanya, halafu mkampigia simu jioni kwamba mpango umebadilika, mnaijua thamani ya hilo.

Sasa ya tatu. Hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayovutia watu wenye akili, na ndiyo iliyoniumiza mimi mwenyewe.

Mama wa Ilula ana kijana aliyesomea uhasibu. Akamwambia: mama, tuache kubahatisha, tutafute mkupuo unaofanya kila katoni ibebe gharama ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo kanuni ya gharama ndogo zaidi kwa kila kipimo, na kwetu kipimo ni katoni. Unaanza na wiki ya kwanza peke yake, unagawanya gharama ya maandalizi na ya kulaza kwa idadi ya katoni. Unaongeza wiki ya pili, unagawanya tena. Unaongeza ya tatu. Gharama kwa katoni inashuka, inashuka, halafu inapanda. Inapoanza kupanda, unasimama na kurudi hatua moja. Huo ndio mkupuo wako. Kisha unaanza upya kwa wiki inayofuata.

Si inapendeza? Inaangalia namba halisi, haina kipindi cha kulazimisha. Tuifuate.

Wiki ya kwanza peke yake: 60,000 kwa katoni 80, shilingi 750 kila moja. Ongeza wiki ya pili: katoni 50 zinalala wiki moja, 10,000, jumla 70,000 kwa katoni 130, shilingi 538. Ongeza ya tatu: katoni 100 zinalala wiki mbili, 40,000, jumla 110,000 kwa katoni 230, shilingi 478. Ongeza ya nne: katoni 30 zinalala wiki tatu, 18,000, jumla 128,000 kwa katoni 260, shilingi 492. Imepanda! Simama. Mkupuo wa kwanza ni katoni 230, za wiki tatu.

Tunaanza upya wiki ya nne. Peke yake: shilingi 2,000 kwa katoni. Ongeza wiki ya tano: katoni 320 zinalala wiki moja, 64,000, jumla 124,000, lakini sasa katoni ni 350, kwa hiyo shilingi 354. Imeshuka kutoka 2,000 hadi 354! Kijana alifurahi. Ongeza ya sita: 361. Imepanda, simama. Mkupuo wa pili ni katoni 350. Mkupuo wa tatu unaanza wiki ya sita na kubeba mpaka ya nane, katoni 220, kwa shilingi 482 kila moja.

Jumla? 110,000, ongeza 124,000, ongeza 106,000. Shilingi 340,000.

Rudieni kuangalia. Wiki mbili mbili, bila hesabu ya mtu yeyote, ilitoa 282,000. Hii ya kitaalamu imetoa 340,000. Kijana hakukosea kuzidisha wala kugawanya. Nimezirudia mwenyewe mara tatu. Kosa limekaa wapi?

Tazameni wiki ya nne na ya tano kwa karibu. Kwa nini kanuni ilikubali kuvuta zile 320 nyuma? Kwa sababu katoni nyingi ziliingia na kugawana gharama, wastani ukaonekana mdogo. Lakini kulaza katoni 320 kwa wiki moja ni shilingi 64,000. Kusugua sufuria upya wiki ya tano ni 60,000. Amelipa 64,000 ili aokoe 60,000! Wastani umeshuka, na mfuko umetoboka.

Tazameni tena wiki ya nne ilipokataliwa kwenye mkupuo wa kwanza. Zile katoni 30 zingelala wiki tatu kwa shilingi 18,000 tu. Kanuni ikazikataa kwa sababu wastani ungepanda kutoka 478 hadi 492. Shilingi 14! Kwa kuzikataa, ikalazimika kuwasha sufuria kwa 60,000, na ili hiyo 60,000 isionekane kubwa, ikazivuta 320 za shule. Kosa la pili limezaliwa na la kwanza.

Na ingekuwaje kama angeanza mkupuo wiki ya tano? Katoni 320 peke yake ni shilingi 187.50 kila moja. Kuongeza 60 za wiki ya sita kunafanya iwe 189 na kidogo. Imepanda, kanuni inasema simama. Yaani inakataa kulipa 12,000 za kulaza katoni 60, kisha wiki ya sita inakulipisha maandalizi mapya ya 60,000. Mnaona mwendo wake? Hitaji kubwa linavutwa mapema pasipostahili, na hitaji dogo linalolifuata linatupwa nje pasipostahili. Mahitaji yakilingana haifanyi hivyo. Kwa katoni 100 kila wiki inatoa 600, 400, 400, 450, nayo inakuleta palepale pa wiki mbili au tatu. Inapotea pale tu mahitaji yanapopanda na kushuka kwa nguvu. Na nani hapa ana mahitaji yaliyonyooka?

Nilisema iliniumiza. Nikiwa kijana nilipanga uzalishaji katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, upande wa Mbeya. Nilikuwa na oda moja kubwa ya mwisho wa mwezi na vioda vidogo kabla yake. Kila nilipogawanya, wastani ulinishauri niivute oda ile kubwa, na mimi nikaivuta wiki mbili. Mkubwa wangu aliona gharama kwa kila boksi imeshuka, akanipongeza. Mwisho wa robo mwaka mhasibu alikuja na riba ya benki na bili ya ghala la kukodi, akaniuliza maboksi yale yalikuwa yakisubiri nini. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeangalia boksi moja moja, na benki ilikuwa inahesabu yote. Nilikaa na daftari lile usiku kucha, na kosa nililowaonyesha ndilo nililolikuta humo.

Kwa hiyo tulikaa na mama na kijana wake, tukauliza swali jingine. Badala ya kuuliza kila katoni inabeba ngapi, tuliuliza kila wiki: hii wiki, nikiibeba kwenye mkupuo uliopo, italipa kulala shilingi ngapi yenyewe? Kama ni zaidi ya 60,000, haina sababu ya kubebwa, iwashiwe sufuria lake. Hili halina ubishi. Ukiikuta wiki ya namna hiyo katika mpango wowote, kuianzishia mkupuo wake kunapunguza gharama, hata ungebadilisha nini kingine.

Wiki ya pili: 10,000. Bebwa. Ya tatu: 40,000. Bebwa. Ya nne: 18,000. Bebwa. Ya tano: katoni 320 kulala wiki nne, 256,000. Shuka! Mkupuo wa kwanza ni 260 kwa gharama ya 128,000. Unaanza wiki ya tano: ya sita inadai 12,000, ya saba 36,000, ya nane 42,000. Zote ziko chini ya 60,000, zinabebwa. Katoni 540 kwa gharama ya 150,000. Jumla shilingi 278,000, kwa kuwasha sufuria mara mbili.

Mpango bora kabisa wa wiki hizi nane ni upi? Wagner na Whitin walionyesha mwaka 1958 jinsi ya kuupata kwa uhakika, kwa kupima njia zote kwa mpangilio. Nimeufanya: wiki nne za kwanza pamoja, kisha ya tano na ya sita, kisha ya saba na ya nane. Shilingi 274,000. Sisi kwa penseli tumekosea kwa shilingi 4,000 tu.

Lakini msiondoke hapa mkiishika hiyo kama kanuni peke yake. Swali lile linakwambia wapi usivuke. Halikwambii wapi ni bora kusimama. Kwa katoni 100 kila wiki litakuruhusu ubebe wiki nne, kwa sababu ya nne inadai 60,000 kamili, na hapo utalipa 45,000 kwa wiki wakati ungeweza kulipa 40,000. Hata hapa kwetu, zile wiki nne za mwisho ziligawanyika vizuri zaidi mbili mbili. Kwa hiyo mama wa Ilula anafanya hivi: wiki mbili mbili kwa ajili ya wakulima na vibarua, na kabla ya kila mkupuo anapitisha swali la 60,000 kwenye kila wiki. Akikuta wiki ya shule inaangukia mwisho wa jozi, anavunja jozi, anaanzia hapo. Kile kiwiki chembamba kinachobaki peke yake, kama zile katoni 30, anakibeba nyuma kama kinadai kidogo.

Kila muhula unapokaribia anampigia simu mnunuzi wa shule kuuliza mzigo unatakiwa wiki gani hasa, na anaandika kwa wino mwekundu. Tarehe hiyo moja ina uzito wa shilingi 50,000 na zaidi kwenye mpango wake, tumeiona.

Sasa fungueni madaftari. Kila mtu aandike namba tatu: maandalizi yako yanakugharimu ngapi kila unapobadilisha, kitu chako kimoja kinakula ngapi kikilala wiki moja, na mahitaji yako ya wiki nane zijazo. Nitapita kwenye meza. Tuanze na wewe, dada wa siagi ya karanga. Ukimaliza kusaga karanga za pilipili, mashine unaisafisha kwa nini, na karanga kiasi gani zinatupwa kabla ya ile ya kawaida kutoka safi?